Imezidi utamu, ni ndefu, sio mimi: namna ya kumjibu mwandishi wa kapsheni zako

Mwandishi akikuletea kapsheni tatu uchague, majibu huwa yaleyale: "imezidi utamu", "ni ndefu", "hii sio mimi". Yote ni majibu ya kweli, na mtu anayeyatoa huwa kweli ameona kitu. Shida ni kwamba kila moja linaweza kubeba maana mbili tatu. Mwandishi akishika ile isiyo yenyewe, atakurudishia kapsheni nyingine tatu zenye kasoro ileile kwa maneno mapya.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Mama mtu mzima, asili yake Makete, anauza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya. Amepokea mzigo mpya wa mchele wa Kyela. Picha aliyonayo ni ya gunia lililofunguliwa na kiganja kilichojaa punje. Anataka picha iende Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Kijana anayemwandikia amemtumia hizi:

1. "Kila punje ni busu la Ziwa Nyasa kwenye ulimi wako. Mchele wa Kyela, penzi lisilochuja." Mwisho kuna mioyo mitatu myekundu.

2. "Habari zenu wapendwa wateja wetu. Leo tunapenda kuwatangazia kwamba tumepokea mzigo mpya wa mchele kutoka Kyela, wilaya iliyoko kusini mwa mkoa wa Mbeya kando ya Ziwa Nyasa, inayosifika kwa mchele wenye harufu nzuri. Mchele wetu hauna mawe, haujachanganywa na wali wake unachambuka. Tunauza kwa jumla na rejareja na tunapeleka mzigo mpaka stendi. Karibuni sana."

3. "Oya wana, wali wa kishua umetua mjini! Mnyama wa Kyela huyu hapa, tusilaze damu, njoo inboksi chapu tuyajenge. Ndaga fijo!"

Mtu yeyote ataona haraka kwamba ya kwanza ina utamu, ya pili ni ndefu na ya tatu sio yeye. Kuona si kazi. Kazi ni kumwambia kijana kitu kitakachomsaidia kuandika ya nne.

Hatua ya kwanza: soma zote kwa sauti kabla ya kujibu hata moja

Usijibu moja moja kadiri zinavyoingia kwenye simu. Fungua picha, itazame, halafu soma kapsheni zote tatu kwa sauti, moja baada ya nyingine. Jicho huruka maneno yanayokera, mdomo hauruki. Ukifika mahali ulimi unasita, au unajikuta unacheka kwa aibu, weka alama hapo hapo. Nakili ujumbe kwenye sehemu ya kuandika, weka nyota kila pembeni mwa neno, na WhatsApp italikoleza. Mwandishi akiona neno lenyewe limekolezwa, nusu ya maelezo yamekwisha.

Baada ya hapo pima kwa mpangilio huu: kwanza kama ni wewe, pili utamu, tatu urefu. Watu wengi huanza na urefu kwa sababu ndio unaoonekana bila kufikiri, kisha wanapoteza muda kumpunguzisha mwandishi maneno ya kapsheni ambayo baadaye wataitupa yote kwa kuwa haikuwa sauti yao. Kupunguza kuje mwisho, wakati unajua kinachobaki.

"Hii sio mimi"

Hili ndilo jibu zito kuliko yote na ndilo linalotolewa kivivu kuliko yote. Mwandishi akilisikia peke yake hujua kitu kimoja tu, kwamba amekosea. Hajui amekosea wapi. Na kwa kawaida hujitetea kwa kubadilisha mtindo mzima: aliandika kihuni, sasa anaandika kama barua ya halmashauri. Kumbe mama alikerwa na neno moja.

Ukihisi "sio mimi", jiulize ni ipi kati ya hizi tatu.

Ya kwanza ni lugha: *siongei hivi*. Kipimo chake ni cha dukani. Fikiria mteja amesimama mbele yako, mwanamke wa umri wako, amebeba kikapu. Je, unaweza kumtazama usoni ukamwambia sentensi hiyo bila yeye kukushangaa? Mama wa Makete hawezi kumwambia mtu "oya wana". Hawezi pia kumwambia "tunapenda kuwatangazia", ingawa hiyo ya pili watu huivumilia kwa sababu imevaa adabu. Zote mbili zimeshindwa kipimo kilekile. Ukijibu hapa, taja maneno, na kama unaweza taja la kwako: "Sisemi oya wana. Mimi nasema jamani, karibuni."

Ndani ya lugha kuna mtego mmoja wa huku kwetu. Mwandishi anataka kapsheni inukie Mbeya, basi anatupia "ndaga fijo" mwishoni, au kama duka liko Iringa anaanza na "kamwene". Ndaga ni shukrani ya Kinyakyusa. Muuzaji wetu, kama wengi wa Makete, ni Mkinga. Wateja wake wa miaka yote wanamjua hivyo, na wakiisoma hiyo watadhani ukurasa umeuzwa au kuna mtu amemshikia simu. Si kwamba mtu haruhusiwi kutumia salamu ya jirani, mbona sokoni watu wanasalimiana kwa lugha nne kabla ya saa tatu asubuhi. Lakini salamu hiyo mtu huitoa kwa mtu anayemjua. Ikiwekwa kwenye kapsheni inakuwa kitambulisho, na hapa ni kitambulisho cha mtu mwingine. Maoni yawe mafupi: "Ndaga itoke, mimi si Mnyakyusa." Mwandishi hatakuwa na swali.

Ya pili ni madai: *siwezi kusimamia maneno haya*. Hii hujificha sana, kwa sababu sentensi inaweza kuwa na lugha nzuri kabisa na bado ikakukaa vibaya tumboni. Tazama kapsheni ya 2: "wali wake unachambuka". Mchele huu ni mpya, umevunwa msimu huu. Mchele mpya haunywi maji mengi kama wa zamani, na anayeupika kwa kipimo alichozoea atapata bokoboko. Muuzaji anajua. Akiacha neno hilo lipite, mteja wa kwanza atakayeunguza hamu yake Jumapili atarudi Jumatatu na lawama. Kwa hiyo mama akisoma na kusema "mh, hii sio mimi", maana yake halisi ni "hii si kweli kwa mzigo huu". Hayo ni maoni ya thamani kuliko yote atakayotoa siku hiyo, na yakisemwa kama "sio mimi" yatapotea. Aseme: "Unachambuka isiandikwe. Mchele ni mpya, mtu akizidisha maji unashikana."

Na "haujachanganywa" je? Hilo abaki nalo kama anaweza kulisimamia. Kyela ina jina, na kwa sababu ya jina hilo mchele wa mahali pengine huchanganywa nao na kuuzwa kama Kyela, kila mnunuzi wa Mbeya anajua. Basi kwa muuzaji ambaye hajachanganya, neno hilo ndilo lenye uzito kuliko yote katika kapsheni ya 2. Ajabu ni kwamba kijana amelificha katikati.

Ya tatu ni sura: *sitaki watu wanione hivi*. Hapa lugha ni yako na maneno ni ya kweli, ila yanakuonyesha upande ambao hukutaka kuuweka hadharani. Mfano, kijana angeandika "Mjane anayesomesha watoto wanne kwa mchele wa Kyela". Inaweza kuwa kweli tupu. Lakini mtu ana haki ya kuuza mchele bila kuuza ujane wake. Maoni ya aina hii hayahitaji sababu. Sema tu "hilo la nyumbani lisiguswe", na mwandishi mwenye akili ataliweka kwenye orodha ya mambo yasiyoguswa milele, hataliuliza tena.

Ukishindwa kabisa kujua ni ipi kati ya tatu, kuna njia inayofanya kazi karibu kila mara: mrekodie mwandishi ujumbe wa sauti wa sekunde 20 au 30, ukizungumza kama unamwambia mteja kwamba mzigo umeingia. Usiandae. Mama yetu alipofanya hivyo, kijana alipata hii:

"Jamani, mchele mpya umeingia. Huu ni Kyela mtupu, sijachanganya. Ila ni mpya, maji usiweke mengi. Kama huamini, chukua robo kapike, ukinukia urudi."

Mwandishi asikilize mara mbili. Mara ya kwanza aandike kila kitu kama kilivyo. Mara ya pili asikilize mama anavuta neno gani, anapumzika wapi. Katika sentensi hizo chache kuna habari ambayo haikuwamo kwenye kapsheni yoyote kati ya zile tatu: tahadhari ya maji na ofa ya robo ya kujaribia. Ndiyo maana neno "sio mimi" lina uzito. Mara nyingi linaashiria kwamba mwandishi alianza kazi bila kumsikia mtu akiongea.

"Imezidi utamu"

Utamu uliozidi kila mtu anaujua: unasoma, unakinai. Ila chanzo chake si kimoja, na usipotaja chanzo mwandishi atatoa mioyo mitatu na kuacha busu.

Angalia kwanza kama maneno yameizidi picha. Picha ni ya gunia na kiganja. Kapsheni inazungumza busu na penzi. Hakuna kitu katika picha kinachodai hisia kubwa kiasi hicho, kwa hiyo msomaji anabaki anasubiri harusi. Hii ndiyo maana ya kawaida ya "imezidi utamu", na tiba yake ni kushusha hisia mpaka ilingane na kitu kinachoonekana. Mchele una harufu, una punje ndefu, una rangi. Hayo yanatosha.

Kama sivyo, jaribu kuhamisha. Ondoa jina la bidhaa na uweke jingine: "Manukato ya aina fulani, penzi lisilochuja." Inakaa? "Kitenge hiki, penzi lisilochuja." Inakaa pia, tena vizuri zaidi maana kitenge ndicho kinachochuja. Sentensi inayokaa kwenye kila kitu haisemi lolote kuhusu mchele. Ni tungo iliyo tayari, imepita kwenye kurasa nyingi kabla ya kufika hapa. Maoni yake: "Hii inafaa kuuzia chochote. Nataka ambayo haifai kuuzia kitu kingine ila mchele huu."

Mfano mwingine wa haraka nje ya soko. Anayeongoza wageni Kitulo, kule Makete, anaposti picha ya maua ya uwandani na kuandikiwa "Bustani ya Mungu, mahali roho hupumzika". Bustani ya Mungu ni jina ambalo hifadhi ile imeitwa muda mrefu, kwa hiyo halina kosa, ila kila anayepiga picha kule huliandika. Utamu hapa unatokana na kuzoeleka. Ukimwambia mwandishi "punguza utamu" ataandika "Bustani ya Mungu" peke yake. Mwambie badala yake aseme kitu kimoja kilichoonekana siku ile: "Kitulo, Februari. Maua yamefika magotini na sweta moja haikutosha." Baridi ya uwanda ule kila aliyefika anaikumbuka, na aliyeko Dar es Salaam anajua sasa abebe nini.

Kuna pia utamu wa alama: imoji, nukta za mshangao tatu tatu, herufi kubwa. Huo ni mwepesi, unatoka kwa sekunde tano. Ila angalia usije ukamwambia mwandishi "imezidi utamu" huku sentensi ni nzuri na shida ni mioyo tu, maana atabomoa sentensi na kuacha mioyo.

Jambo moja la kusema kwa upande wa mwandishi: mteja akisema "imezidi utamu", mara nyingi amekubali wazo na anaona haya kulisema kwa sauti hiyo. Kapsheni ya 1 ilikuwa na wazo ndani yake, kwamba mchele huu unajulikana kwa ladha na kwamba unatoka kando ya ziwa. Kwa hiyo usilitupe lote. Uliza: "Mama, nikiacha ladha nikatoa busu, iko sawa?" Swali moja kama hilo huokoa mzunguko mzima.

"Ni ndefu"

Kapsheni ya 2 ina maneno 54. Je, ni ndefu? Instagram inaruhusu herufi 2,200, kwa hiyo kwa kanuni haijafika popote. Lakini kwenye mtiririko wa picha inaonyesha herufi takriban 125 tu, kisha inakata na kuweka `more`. Simu na simu hutofautiana kidogo, ila hesabu hiyo ni ya kutegemea. Hesabu kapsheni ya 2 mpaka hapo, nafasi zikiwemo. Inakatika kwenye "Kyela, wilaya". Neno "mchele" lenyewe limechelewa kutokea mpaka herufi 90 na kitu. Mtu anayepitisha kidole haraka amesoma salamu, amesoma "tunapenda kuwatangazia kwamba", na ameondoka.

Hivyo kipimo cha urefu ni kiganja. Weka kapsheni kwenye skrini, funika kila kitu baada ya herufi 125, ambazo kwa Kiswahili ni kama maneno 17 hadi 20. Kilichobaki juu ya kiganja kinamwambia mtu nini? Kama kinamwambia kinachouzwa na kwa nini asimame, kapsheni si ndefu hata ikiwa na maneno mia. Kama hakimwambii, ni ndefu hata ikiwa na maneno thelathini. Mtu akisema "ni ndefu", mara nyingi anachohisi ni kwamba imechelewa kuanza. Mwandishi anayepunguza mkia wa kapsheni kama hiyo amekata sehemu nzuri na kuacha mbaya.

Maoni yanayosaidia hutaja kipande. Kwa kapsheni ya 2 yangekuwa hivi: "Sentensi ya kwanza itoke. Ya pili ianzie kwenye mchele. Maelezo ya wilaya yatoke, wateja wangu wanajua Kyela iko wapi." Hiyo ya wilaya ni muhimu. Mtu wa Mbeya kuelezwa kwamba Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa ni kama anaambiwa Mbeya kuna baridi. Ingekuwa kapsheni ya wateja wa Mwanza au Zanzibar, ingebaki. Kwa hiyo "ni ndefu" wakati mwingine maana yake ni "umeniandikia hadhira isiyo yangu", na mwandishi akishaijua hadhira hupunguza mwenyewe bila kuambiwa.

Wakati mwingine ndefu ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Sentensi ya mwisho ya kapsheni ya 2, jumla na rejareja na kupeleka stendi, ni tangazo la wanunuzi wa magunia. Mama wa nyumbani wa Soweto au Uyole, hapa hapa Mbeya, anayetaka kilo mbili haimhusu. Hapo usipunguze, tenganisha. Tangazo la stendi lisubiri picha ya magunia yakipakiwa.

Kwenye stetasi ya WhatsApp mambo ni magumu zaidi. Stetasi hukaa saa 24, na picha moja hupita kwa sekunde chache tu kabla ya kwenda kwa inayofuata. Maneno yako chini ya picha, na yakiwa mengi mtu anatakiwa kubonyeza ili ayafungue. Weka mstari mmoja, jambo moja. Usimwombe mwandishi kapsheni moja ya sehemu zote mbili. Mwombe ya Instagram, halafu aikate ya stetasi kutoka humo.

Hatua inayofuata: andika jibu lenyewe

Jibu zuri lina vitu vitatu kwa kila kapsheni: namba, maneno yanayotoka, maneno yanayobaki. Hicho cha tatu watu hukisahau, na bila hicho mwandishi hutupa kila kitu. Jibu la mama kwa kijana lilikaa hivi:

"Mwanangu, asante. Ya 1: busu na penzi vitoke, mioyo pia. Ladha ibaki. Ya 2: anzia kwenye mchele. Unachambuka isiandikwe, mchele ni mpya. Haujachanganywa ibaki, tena iwe mwanzoni. Stendi tuiweke siku nyingine. Ya 3: sitaki kabisa, siongei hivyo, na ndaga mimi si Mnyakyusa. Nimekutumia sauti, sikiliza ninavyosema."

Hakuandika "ya 1 na ya 2 uchanganye". Hilo ni ombi linaloonekana la busara na karibu kila mara huzaa kapsheni yenye sauti mbili, mwanzo wa mtu mmoja na mwisho wa mwingine. Ukipenda vipande vya mbili, mwambie unachokipenda katika kila kimoja, aandike upya kwa sauti moja.

Adabu zetu nazo zina gharama hapa. Ukianza na "nzuri sana, ila...", mwandishi kijana husikia "nzuri sana" na kuichukua kama ruhusa. Ukisema "siyo mbaya", wewe umekataa, yeye amepita. "Nitaangalia" huku kwetu ni hapana yenye heshima, na mwandishi asiyejua atasubiri siku nne. Heshima iwe kwenye "mwanangu, asante". Baada ya hapo kata moja kwa moja. Naye mwandishi akijibiwa "siyo mbaya, mwanangu", asiposti. Aulize: "Mama, nitoe neno gani?" Ni rahisi kwa mtu mzima kutaja neno kuliko kukataa kazi ya mtoto.

Na anayejibu awe mmoja. Binti akisema ni ndefu, mume akisema ongeza simu ya duka, na shoga wa kanisani akisema weka aya ya Biblia, mwandishi anaandikia kamati. Wengine watoe maoni kwa mama, mama achuje, jibu litoke kwenye simu yake.

Mzunguko wa pili

Kijana alirudisha hii:

"Mchele mpya wa Kyela umeingia, Kyela mtupu, haujachanganywa. Maji usiweke mengi. Kama huamini, chukua robo kapike kwanza, ukinukia urudi. Kilo 3,000, Mwanjelwa. Karibuni."

Sasa ni yeye. Utamu haupo, na hata harufu imetajwa kwa kitendo cha mteja mwenyewe. Ila weka kiganja: herufi 125 zinaishia kwenye "ukinukia", na bei iko chini yake. Bei ndiyo swali la kwanza sokoni, na ikifichwa maoni yatajaa "bei gani" mama asipate muda wa kuuza. Pia "Kyela mtupu" na "haujachanganywa" ni kitu kimoja kimesemwa mara mbili. Maoni ya mzunguko huu ni mstari mmoja: "Haujachanganywa itoke, mtupu inatosha. Bei iwekwe hapo."

Ikawa:

"Mchele mpya wa Kyela umeingia. Kyela mtupu, kilo 3,000. Maji usiweke mengi. Kama huamini chukua robo kapike kwanza, ukinukia urudi. Mwanjelwa, karibuni."

Maneno 22. Kinachokatwa na Instagram sasa ni "urudi" na mahali, na mahali hujazwa kwenye sehemu ya eneo inayokaa juu ya picha, chini ya jina la ukurasa. Kwa stetasi kijana alichukua mstari wa kwanza na bei, basi. Kijana aliuliza kama "kama huamini" si ukali. Mama akasema ibaki, ndivyo anavyowaambia wote, na hapo mwandishi alifanya vema kunyamaza.

Mizunguko miwili inatosha kwa kapsheni moja. Ukijikuta kwenye wa tatu na bado "sio mimi" inarudi, acheni kuandika. Kuna kitu kwenye maelekezo ya mwanzo hakikusemwa: nani anasoma, mzigo ukoje, nini kisiguswe. Kaeni mkijaze hicho, hata kwa simu ya dakika tano, ndipo aandike upya kutoka sifuri.

Kisha mwandishi afungue noti moja kwenye simu kwa kila mteja, yenye safu mbili. Upande mmoja maneno yake: jamani, mtupu, ukinukia urudi. Upande wa pili yasiyorudi: oya, ndaga, wapendwa wateja, unachambuka (mpaka mchele uwe wa zamani). Mzigo wa mbaazi ukiingia wiki ijayo, aanze na noti hiyo kabla ya kugusa picha.